Shajara ya mradi: ukurasa mmoja kwa video ya dagaa wa Kibirizi

Jumatatu, Juni 10, 2024

Leo mchana Katibu wa kikundi cha kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi amenifuata hapa Mwanga, Kigoma, na diski moja aliyoifunga kwenye kipande cha kitenge. Wanataka video ya dakika nne ya kuonesha kwenye banda lao la Nanenane, viwanja vya Ipuli, Tabora. Picha walishapiga mwezi Aprili na mwanzoni mwa Mei, kijana mmoja akiwa na kamera na binti wa Mwenyekiti akiwa na simu. Kilichobaki ni uhariri. Akauliza wanachouliza wateja wote: "Bei gani, na itakuwa tayari lini?" Nikamwomba siku tatu.

Siku tatu hizo si za kupanga bei. Mwaka jana niliandika pendekezo la kurasa nne kwa kazi nyingine, na katika ukurasa wa tatu niliweka maneno haya: "marekebisho hadi mteja aridhike." Mteja yule alikuwa na watu sita wa kuridhishwa, na haikutokea siku wakaridhika wote kwa pamoja. Video ya dakika tatu niliikata upya mara tisa. Mara ya saba niliombwa nirudishe kipande nilichoombwa kukiondoa mara ya tatu. Kurasa nne zile hakuna aliyezisoma zaidi ya mstari wa bei, kwa hiyo hata pale nilipokuwa na haki sikuwa na pa kuonesha kidole tukaelewana.

Safari hii nataka karatasi moja, upande mmoja, ambayo Mama Mwenyekiti anaweza kuikunja akaiweka kwenye pochi na kuisoma akiwa kichanjani. Iwe na hatua za kazi, siku zake na awamu za marekebisho. Nitaandika hapa jinsi ninavyoitengeneza na jinsi itakavyofanya kazi, kwa sababu karatasi ya aina hii inajulikana ubora wake mradi ukishaanza kuyumba.

Kabla Katibu hajaondoka nilimuuliza video itatazamwa wapi hasa. Akasema kwenye televisheni ya bandani, ikichomekwa flashi, ikijirudia kutwa nzima. Jibu hilo limeongeza kazi palepale. Bandani kuna spika za mabanda ya jirani na hakuna atakayesikia mahojiano, kwa hiyo maneno yote, ya mahojiano ya Kiswahili na ya Kiha pia, lazima yasomeke kwenye picha. Nilikuwa nimedhani sabutaito ni za mahojiano ya Kiha pekee.

Jumanne, Juni 11

Nimefungua diski. Jumla ni saa 5 na dakika 40 za futeji, yaani dakika 340 kwa video ya dakika 4. Kwa kila dakika moja itakayobaki, 84 zitaachwa. Kuzitazama tu bila kugusa chochote ni siku nzima ya kazi, na siku hiyo wahariri wengi hatuiandiki popote. Tunaila sisi wenyewe halafu tunashangaa kwa nini kazi ya siku tisa imechukua kumi na mbili.

Mahojiano ni sita. Manne ni ya Kiswahili, mawili ya Kiha. Sauti nzuri imerekodiwa kwa kinasa sauti pembeni, na hapo ndipo nimekuta tatizo. Mahojiano mawili yalipigwa kwa simu. Mwanzoni midomo inalingana na sauti ya kinasa, lakini kufikia dakika ya 20 sauti imetangulia karibu nusu sekunde. Ugonjwa huo naujua: simu nyingi hazipigi idadi ileile ya fremu kila sekunde. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza, kisha inaongeza tena. Kamera ya yule kijana imepiga fremu 25 kwa sekunde bila kuyumba. Ukiziweka pamoja kwenye programu zinaachana polepole, na mtu asiyejua atakaa anasogeza sauti kwa mkono kila dakika mbili.

Nimehakikisha kwa amri ya kwanza hapa chini. Ikileta namba mbili zinazotofautiana, ujue fremu zinayumba. Amri ya pili inazilazimisha ziwe 25 kila sekunde.

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 simu03.mp4
ffmpeg -i simu03.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 17 -c:a pcm_s16le simu03_25.mov
```

Simu ilikusudia 30, kwa hiyo kushuka hadi 25 kunaacha mkwaruzo kidogo kwenye mwendo wa haraka. Kwa mtu aliyekaa anaongea hauonekani. Kwenye laptopu yangu faili zote za simu zitachukua karibu nusu siku kubadilishwa. Nusu siku hiyo inaingia kwenye ratiba, na nisingeijua kama ningeandika pendekezo kabla ya kufungua diski.

Kingine nilichokiona: hakuna picha hata moja ya wavuvi wakiwa kazini ziwani. Na ziwa sasa limefungwa. Uvuvi Ziwa Tanganyika umesimamishwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15, na maonesho yanaanza Agosti 1. Kwa hiyo picha isiyomo kwenye diski hii haitapatikana kabla ya Ipuli, hata mteja akiwa na pesa. Hilo nataka lisomeke kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu najua litaombwa.

Jumatano, Juni 12

Rasimu ya kwanza imejaa ukurasa mmoja na nusu. Nimekaa nayo jioni yote nikipunguza.

Kilichoondoka kwanza ni mimi mwenyewe: miaka yangu ya kazi, orodha ya programu, aina ya kompyuta. Mama Mwenyekiti ameshanichagua, hana haja ya kushawishiwa. Kisha nikafuta maelezo ya jinsi rangi inavyorekebishwa. Kwake rangi ni mstari mmoja.

Kilichonichukua muda ni awamu za marekebisho. Mapendekezo mengi hapa mjini, yangu yakiwemo, yanaandika "awamu mbili za marekebisho" halafu basi. Namba hiyo haimwambii mteja afanye nini. Awamu ya kwanza ataleta jina lililokosewa herufi, ya pili ndiyo ataniambia hadithi nzima imeanza pasipostahili, na hapo kila kitu kinavunjwa. Nimeamua kila awamu iwe na swali lake moja, na swali likishajibiwa linafungwa. Kwanza mpangilio, kisha maneno na picha mojamoja, mwisho makosa tu. Mjenzi naye haanzi na rangi ya ukuta wakati msingi bado unabishaniwa.

Jambo la pili ni siku. Zamani nilikuwa naandika siku zangu peke yake, kana kwamba mteja akipokea video anajibu siku hiyohiyo. Sasa siku za mteja zimo kwenye hesabu, na nimeziandika "Ninyi" ili zionekane ni kazi yao. Halafu sikuandika tarehe. Nimeandika siku ya 1, ya 2, ya 3, na siku ya 1 ni ile ambayo diski na malipo ya awali vyote vimeshafika. Ukiandika tarehe na malipo yakachelewa wiki, karatasi yote inakuwa ya uongo kabla kazi haijaanza.

Huu ndio mwili wa ukurasa kama ulivyobaki:

Mtakachopata: video 1 ya dakika 4 ya banda la maonesho, na klipu 3 za wima za sekunde 30 kwa ajili ya simu. Sabutaito za Kiswahili kwenye picha zote.

Siku 1–3, mimi: kunakili diski, kusawazisha picha za simu, kutazama zote, kuandika maneno ya mahojiano.
Siku 4–6, mimi: mkato wa kwanza, bila rangi wala muziki.
Siku 7–8, ninyi: AWAMU YA 1. Je, hadithi ianze hapa, ipite hapa, iishie hapa? Nani abaki, nani atoke?
Siku 9–11, mimi: mkato wa pili, na sabutaito za kusahihishwa.
Siku 12–13, ninyi: AWAMU YA 2. Je, kila neno na kila picha ni sahihi? Baada ya hapa picha inafungwa.
Siku 14–15, mimi: rangi, sauti, muziki, klipu za wima.
Siku ya 16, ninyi: kukagua makosa tu (jina, namba, herufi).
Siku ya 17, mimi: kukabidhi kwenye flashi mbili.

Maoni: yanaletwa mara moja kwa kila awamu, na mtu mmoja, kwenye karatasi moja, yakiwa na dakika na sekunde. Mkichelewa, kazi nayo inasogea kwa idadi hiyohiyo ya siku.

PICHA ISIYOMO KWENYE DISKI HAIMO KWENYE KAZI. Ziwa limefungwa hadi Agosti 15.

Malipo: siku zangu 12 kwa shilingi 75,000 ni 900,000. Asilimia 40 kabla ya siku ya 1, asilimia 30 picha ikifungwa, asilimia 30 kwenye kukabidhi. Kufungua picha iliyofungwa, au awamu ya ziada: siku moja, shilingi 75,000.

Chini yake ni mistari miwili ya sahihi. Herufi ukubwa wa 11, na ndogo kuliko hizo sitaki. Ukilazimika kupunguza herufi ili itoshe ukurasa mmoja, bado una kurasa mbili.

Bei ya siku ya ziada nimeifanya iwe sawa na siku ya kawaida kwa makusudi. Nikiiweka juu itaonekana adhabu, na sitaki mama wa watu aogope kuuliza.

Ijumaa, Juni 14

Nimeichapisha stesheneri na kuipeleka Kibirizi mwenyewe. Mama Mwenyekiti alikuwa anageuza dagaa wa akiba kwenye kichanja. Nilimwamkia, akaitikia, akafuta mikono akasoma mpaka mwisho, kisha akarudia kwenye mistari ya "Ninyi" akiifuata kwa kidole.

"Kwa hiyo na sisi tuna siku zetu humu?"

"Ndiyo mama. Tano."

"Na mtu mmoja awe nani?"

Akamwangalia Katibu, na Katibu akakubali. Walitia sahihi palepale. Jumatatu ni Idd el-Adha na wengi wao ni watu wa Ujiji, kwa hiyo tumekubaliana malipo ya awali yaje baada ya sikukuu.

Jumatano, Juni 19. Siku ya 1

Shilingi 360,000 zimeingia jana jioni. Kazi imeanza. Faili za simu zinabadilishwa huku nikitazama za kamera.

Jumatano, Juni 26. Siku ya 6

Mkato wa kwanza umetoka na dakika 5 na sekunde 10. Umezidi kwa makusudi, ili katika awamu ya 1 wawe na cha kuondoa. Nimewasha Data Burn-In kwenye DaVinci Resolve ili dakika na sekunde zionekane juu ya picha muda wote. Bila hiyo maoni yanakuja "pale mama mwenye kitenge cha kijani anapocheka," na mama wenye vitenge vya kijani wako watatu.

Nakala ya kutazama nimeitoa kwa ukubwa wa 1280 kwa 720, megabiti 2 kwa sekunde. Kwa dakika tano ni kama megabaiti 78. Nimemtumia Katibu peke yake kwa WhatsApp kama hati, isibanwe, na nakala ya flashi nimempa wa bodaboda aende nayo. Nikiwatumia wote kumi na wawili nawamalizia bando, halafu kila mmoja atanijibu kivyake.

Ijumaa, Juni 28. Siku ya 8

Hakuna jibu. Nilipiga simu. Katibu akasema, kwa upole, kwamba kikundi hukutana Jumanne na hawezi kuandika maoni ya wote kabla ya kikao. Ana haki. Siku mbili nilizowaandikia nilizitoa kichwani mwangu, sikumuuliza mtu kikao chao ni siku gani. Nimemwambia tu kwamba kazi itasogea siku mbili, naye akajibu, "Imeandikwa, naiona." Hakukuwa na mvutano wowote. Mwaka jana simu ya namna hiyo ilichukua nusu saa.

Jumanne, Julai 2

Jioni karatasi imefika, mwandiko wa Katibu, maoni 14, kila moja na dakika na sekunde zake. Nimekaa nayo na kuyapanga kwa kuuliza: hili ni la swali gani?

Tisa ni ya awamu ya 1 kweli. Kubwa kuliko yote: niliianza video na sauti ya mtaalamu akieleza faida za vichanja, wao wanataka aanze mama aliyekuwa akianika mchangani zamani. Wako sahihi. Mnunuzi akimwona kwanza mama akikung'uta dagaa wa mchangani, hahitaji kuelezwa kichanja ni cha nini.

Matatu ni ya mbele: muziki, na picha mbili zenye giza. Nimeyaandikia "siku ya 14" pembeni, sikuyagusa. Kurekebisha rangi ya kipande ambacho kesho kinaweza kutupwa ni kupoteza siku.

Mawili yako nje. Moja ni sauti mpya ya msimulizi. La pili ni lile nililolitarajia, wavuvi wakivuta nyavu usiku kwa taa. Nilimpigia Katibu, na kabla sijamaliza akasema, "Ziwa limefungwa, najua, ila wenzangu walitaka niandike." Hata hivyo nilirudi kwenye diski kutafuta, na kwenye faili la simu lililoitwa vibaya nikakuta sekunde 18 za mitumbwi ikitoka Kibirizi jioni, taa zikiwa bado hazijawashwa. Zinatosha kubeba sentensi ya wavuvi. Msimulizi wameamua wamwache.

Ijumaa, Julai 5. Siku ya 11

Mkato wa pili, dakika 4 na sekunde 6. Umeondoka kwangu na karatasi ya sabutaito zote iliyochapishwa, kwa sababu kosa la neno linaonekana haraka kwenye karatasi kuliko kwenye video inayokimbia. Siku zao ni Jumatatu na Jumanne. Jumanne ni kikao, safari hii imeangukia penyewe.

Jumanne, Julai 9. Siku ya 13

Maoni matano tu, na mawili nisingeweza kuyajua kamwe.

Kwenye 01:47 mama mmoja anataja bei anayouzia ndoo ya dagaa. Kikundi kinaomba itolewe: mnunuzi akiisikia Tabora ataishika hiyohiyo hata msimu ukibadilika. Nimefunika mkato kwa picha ya mikono inayopepeta.

Lingine liko kwenye mahojiano ya Kiha. Aliyenitafsiria aliandika "dagaa wangu walikuwa na uchafu." Katibu amekata kwa kalamu na kuandika maneno aliyosema mama mwenyewe: "Nilikuwa nauza mchanga wenye dagaa." Sentensi ile ndiyo imekuwa ya kwanza kusomeka kwenye video.

Usiku huu Katibu ameandika kwamba picha imefungwa, na asilimia 30 ya pili imefika. Kufunga huku kuna sababu yake. Kuanzia kesho muziki, sauti ya ziwa na kila sabutaito vinapachikwa kwenye sekunde zake. Ukitoa sekunde tatu dakika ya kwanza, kila kilicho mbele yake kinahama, na klipu za wima zilizokatwa humo zinahama pia.

Ijumaa, Julai 12. Siku ya 16

Siku ya kukagua. Herufi mbili zimekosewa katika jina la mtaa, nimerekebisha. Saa kumi akapiga Mama Mwenyekiti mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Video nzuri sana. Lakini yule kiongozi aliyekuja kuzindua kichanja hakuonekana, na bandani atapita."

Nilinyamaza kidogo. Hotuba ile iko kwenye diski, dakika sita, nikaiacha awamu ya 1 na hawakuiulizia. Kabla sijasema lolote nikasikia karatasi inafunguliwa.

"Hapa umeandika picha iliyofungwa ni siku moja na elfu sabini na tano."

"Ndiyo mama. Lakini kuna njia nyingine kwa siku hiyohiyo moja. Nimtengenezee klipu yake ya dakika moja, muioneshe akifika. Video yenu ibaki ilivyo, na mnunuzi asisimamishwe katikati."

Akasema atauliza wenzake. Baada ya robo saa Katibu akaandika: klipu ya pembeni, pesa inakuja. Nadhani bila mstari ule ningeifungua video bure na kuikata katikati ya mama wa mchangani, kwa kuona aibu tu.

Jumanne, Julai 16

Siku ya 17 ilikuwa jana, leo ni ile ya ziada. Nimekabidhi flashi mbili. Video kuu ni MP4 ya 1920 kwa 1080, megabiti 10 kwa sekunde, kama megabaiti 300. Televisheni nyingi za kawaida zinasoma H.264 na sauti ya AAC bila shida, lakini sikutaka kuamini kwa maneno. Tulienda na Katibu kwenye duka la fundi wa televisheni hapo Mwanga, tukachomeka, tukaiacha ijirudie mara tatu sauti ikiwa imezimwa. Fundi aliyekuwa anauza soketi akasimama akasoma mpaka mwisho, kisha akauliza hao dagaa wanapatikana bei gani.

Siku 17 zimekuwa 20: mbili za kikao, moja ya kiongozi. Mizigo inaondoka kwenda Tabora tarehe 29, kwa hiyo nafasi ipo.

Nimefungua faili la ukurasa na kubadilisha mistari miwili kabla ya kulifunga. Pale juu, kabla ya siku ya 1, nimeongeza: "Kikao chenu ni siku gani?" na siku za "Ninyi" sasa zinapangwa kuzunguka jibu hilo. Na kwenye awamu ya 1 nimeongeza maneno manne: "Mgeni gani lazima aonekane?" Ili yatoshe nimefuta sentensi moja ya malipo iliyokuwa inarudia jambo lilelile. Bado ni ukurasa mmoja, herufi 11.